Nilimweleza abiria mwenzangu siri yangu tukiwa Kitonga, sasa anataka tuonane

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34, nauza vitenge na madera hapa Mbeya. Kila baada ya miezi miwili nashuka Kariakoo kufunga mzigo. Mwezi uliopita nilikuwa narudi. Basi liliondoka stendi ya Mbezi saa kumi na mbili asubuhi, mimi nimekaa dirishani, na pembeni yangu kaka mmoja wa makamo mwenye begi dogo na cheni mpya ya msumeno aliyoifunga kwenye gazeti.

Mpaka Morogoro hatukusemezana zaidi ya "samahani" moja. Chalinze alinunua korosho, akaiacha pakiti wazi katikati yetu bila neno. Nikachukua mbili. Mikumi, dereva alipopunguza mwendo, akanyoosha kidole upande wangu: twiga watatu, na mimi niko kwenye simu. Baada ya hapo maneno yakawa yanakuja moja moja. Anaulizia vitenge, kimya cha nusu saa, namuulizia mbao, kimya tena. Anapasua mbao Mafinga. Ruaha Mbuyuni alininunulia wali kuku wa elfu saba, nikamwambia nitamrudishia.

Kwenye mlima wa Kitonga lori likaharibika kwenye kona. Tulikaa zaidi ya saa mbili. Sijui ilikuwaje, Shangazi, nikamweleza jambo ambalo hata mama yangu hajui. Niliolewa miaka sita, sikupata mtoto, mume akanirudisha kwetu. Ukoo mzima unajua mimi ni tasa. Ukweli ni kwamba nilipimwa mara mbili na sikuwa na tatizo, yeye ndiye aliyekataa kupima. Nilinyamaza ili nisimwaibishe. Yule kaka hakunipa pole wala ushauri. Alisema tu, "Umelibeba peke yako muda mrefu." Kisha akasema mke wake alikwenda kwao Songea miaka miwili iliyopita, pamoja na binti yao wa miaka tisa. Sikuuliza zaidi. Aliposhuka Mafinga tulipeana namba.

Sasa ni wiki tano. Anaandika kila jioni, polepole kama alivyokuwa anaongea. Anataka nije Mafinga Jumamosi. Amesema atanitumia elfu sitini ya nauli na atanichukulia chumba nisirudi usiku. Nilipotaka kumrudishia ile elfu saba kwa simu, kabla sijabonyeza kuthibitisha, likatokea jina la mwanamke. Nikaghairi. Sijamuuliza.

Naogopa vitu viwili. Kwanza hilo jina. Pili, huyu mtu anajua aibu yangu yote, nitamtazamaje usoni? Mdogo wangu ninayeishi naye anasema wanaume wa kwenye basi ni wa kwenye basi tu. Lakini nikiamua nisiende, naona kama nitakuwa nimeacha kitu.

Siti ya Dirishani, Mbeya

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na Kitonga, kwa sababu naona huko ndiko ulikojishangaa. Usijishangae. Mwaka 1983 nilipanda treni ya TAZARA kutoka Mbeya, daraja la tatu, na kabla hatujafika Makambako mama mmoja wa Mlimba alikuwa ameshajua kwa nini nilikuwa nakimbilia Dar, jambo ambalo dada zangu walikuja kulijua miaka kumi baadaye. Aliposhuka na kuku wake sikumwona tena mpaka leo. Na ndivyo nilivyotaka. Mjerumani mmoja, Georg Simmel, aliandika mwaka 1908 kwamba mgeni anayepita huambiwa mambo ambayo watu wa karibu hufichwa, karibu kama padri anavyoungamiwa. Mgeni hana shangazi zako, hana jirani zako, na kesho hayupo.

Basi nalo lina namna yake ya kumfungua mtu mdomo. Mnakaa bega kwa bega, macho yote yako barabarani, hakuna anayemsoma mwenzake usoni. Kimya hakimwaibishi mtu, maana dirisha lipo la kutazama. Wala hakuna anayeweza kuondoka. Halafu Kitonga likazimwa injini, joto, malori ya Tunduma yamepangana juu na chini, na wewe umelibeba hilo jambo miaka. Ulikuwa unaongea na mtu ambaye moyoni ulishamuaga.

Tatizo ni kwamba hakuondoka. Namba mlipeana. Kwa hiyo yule uliyemwambia kama mpita njia amegeuka mtu mwenye jioni zake, simu yake na Jumamosi yake. Hofu unayoisikia, mimi naiona ni ya hapo: siri uliitoa kwa bei ya mgeni, na sasa mgeni anataka kuwa mwenyeji.

Lakini hebu turudi kwenye neno lako, "aibu yangu". Soma tena barua yako. Ulimwambia nini hasa? Kwamba ulipimwa mara mbili ukakutwa mzima, na kwamba umekubali kuitwa tasa ukoo mzima ili mwanaume aliyekurudisha kwenu asichekwe. Hiyo aibu ni ya nani? Alichojua yule kaka kuhusu wewe ni kwamba unaweza kutunza jambo la mtu hata likikuumiza. Huenda ndilo lililomfanya naye aseme la kwake. Simaanishi kwamba ni mtu mwema, simjui. Nasema usiingie Mafinga ukidhani unadaiwa.

Sasa jina la mwanamke. Nimepokea barua nyingi za namna hii tangu simu zianze kutuonyesha jina kabla ya kuthibitisha, na kusema kweli jina hilo limeshaua mahusiano mengine yaliyokuwa hayana kosa. Linachokuambia ni kitu kimoja tu: nani aliweka kidole chake siku laini iliposajiliwa. Utakumbuka usajili wa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, watu wangapi walikuwa hawajapata kitambulisho cha NIDA. Laini zikasajiliwa kwa kidole cha dada, cha mama, cha mke, hata cha jirani mwenye moyo mzuri, na nyingi hazijabadilishwa mpaka leo. Kwa hiyo inaweza kuwa ya dada yake. Inaweza pia kuwa ya mke. Na hata kama lingetokea jina lake mwenyewe, herufi kwa herufi, lisingekuambia kama ana mke au hana.

Ndiyo maana nashangaa kidogo kwamba jina limekunyima usingizi, lakini sentensi nyingine uliyoiandika umeipita kama basi linavyopita kituo kidogo. "Mke wake alikwenda kwao Songea miaka miwili iliyopita." Alikwenda, maana yake nini? Amemwacha? Ameachwa? Amekwenda kumuuguza mama yake? Wamegombana na wazee wa pande mbili bado wanakaa vikao? Kwa Kiswahili chetu "alikwenda kwao" inabeba yote hayo, na msemaji anajua inabeba yote hayo. Inawezekana alichagua neno pana kwa makusudi. Inawezekana pia kwamba linamuuma na ndilo neno pekee lililoweza kutoka pale Kitonga. Wewe hukuuliza, na kwenye basi ulikuwa na haki ya kutouliza. Mpita njia haulizwi hati. Mtu unayemfungia safari anaulizwa.

Nikuambie na upande wa sheria, kwa sababu wengi hawaujui. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kurudi kwao hakuvunji ndoa, hata ipite miaka miwili, hata ipite kumi. Ndoa huvunjwa mahakamani, na kwa kawaida shauri hupitia kwanza baraza la usuluhishi. Kama hawajafika huko, huyo mama wa Songea ni mke wake, na siku yoyote anaweza kushuka stendi ya Mafinga na binti yake akiwa na haki zote.

Na hapa mwanangu itabidi unisamehe, maana nageuza kidole. Wewe uliandika "akanirudisha kwetu". Ulirudishwa na nani, kwa karatasi gani? Kama mlifunga ndoa na hakuna mahakama iliyotoa talaka, basi na wewe, kwa macho ya sheria, ulikwenda kwenu tu. Mwanamke ambaye ndoa yake bado iko hai hawezi kufunga nyingine. Sisemi haya kukuzuia kwenda kunywa soda na mtu. Nasema ukimuuliza yeye, uwe na jibu lako mkononi, kwa sababu akiwa na akili atakuuliza hilohilo. Kama huna hiyo karatasi, fika mahakama ya mwanzo iliyo karibu nawe uulize utaratibu. Hilo lingefaa hata kama usingekutana na mpasua mbao yeyote.

Kuuliza kunafanyikaje? Ningekuwa wewe nisingesubiri Jumamosi. Mazungumzo yenu yamezoea mwendo wa polepole, kwa hiyo swali moja jioni moja halitawavunja. Unaweza kumwandikia hivi: "Siku ile Kitonga ulisema mama wa binti yako alikwenda kwao. Sikuuliza kwa sababu hatukuwa tunajuana. Kabla sijapanga safari, naomba unieleze mmefikia wapi." Jambo la laini liulize siku nyingine, kwa wepesi tu: "Nilitaka kukurudishia elfu saba, likatokea jina la mtu mwingine, ni nani?" Usiyaunganishe, yakaonekana mashtaka. Halafu tazama zaidi namna anavyojibu kuliko jibu lenyewe. Mtu mwenye ndoa iliyokwama anaweza kukujibu kwa aibu, akachelewa siku nzima, akaandika sentensi nne zenye mahali na miaka. Hilo halinitishi. Linalonitisha ni anayejibu kwa swali, "Kwani hauniamini?", au anayekuambia, "Njoo kwanza, tutaongea." Tutaongea lini? Chumbani?

Tumefika kwenye chumba na elfu sitini. Inawezekana kabisa ni ukarimu. Wapo wanaume wetu wengi wanaoona ni aibu kumwita mwanamke na kumwachia gharama ya safari. Lakini nauli ya kutumiwa ina lugha yake, na lugha hiyo haifanani kwa anayetuma na anayepokea. Wewe utaona amekusaidia. Yeye, au kama si yeye basi rafiki zake wa kiwandani, wataona umekubali. Ukiila na usiende, utaitwa mla nauli. Ukienda na ukataka kuondoka mapema, utajisikia unatoroka deni. Na chumba kinaondoa kitu kimoja ambacho kwenye basi mlikuwa nacho nyote wawili bila kukitambua: safari ilikuwa na mwisho unaojulikana, na hakuna kati yenu aliyeupanga. Konda ndiye aliyesema "Mafinga!" na yule kaka akashuka. Kutoka Mbeya mpaka Mafinga na kurudi kwa siku moja inawezekana, lakini sehemu kubwa ya siku itaishia kwenye siti, na mkichelewa kidogo tu, kile chumba kitaonekana ndiyo busara.

Mimi ningefikiria Makambako. Kwako ni karibu kuliko Mafinga, na yeye naye atapanda basi. Hilo peke yake litakuambia kitu: je, anakuja? Makambako ni njia panda ya Njombe na Songea, mabasi hayakatiki mchana kutwa, na migahawa ya pale stendi ina watu wakati wote. Ukiondoka Mbeya saa moja asubuhi, kabla ya saa sita utakuwa umefika bila haraka. Kabla hata ya kumpigia, nenda ulizia basi la kurudi na ukate tiketi ya saa tisa au saa kumi alasiri, kwa hela yako. Mwambie mapema kwamba una safari ya kurudi saa hiyo. Mdogo wako umwachie namba ya huyo kaka, jina la mgahawa, na saa ya basi lako. Huna haja ya kumwambia yaliyosemwa Kitonga. Anahitaji tu kujua uko wapi, na najua atakuna kichwa na kurudia maneno yake ya wanaume wa kwenye basi. Mwache arudie, huku ameandika namba.

Kuna jambo dogo ambalo halimo kwenye barua yako, ila nimeona likiharibu watu. Mtakapokutana, huenda dakika ishirini za mwanzo zikawa mbaya sana. Wiki tano umekuwa unaongea na mtu uliyemtengeneza nusu, kwa ujumbe wa jioni na bega ulilokuwa unaliona kwa pembeni. Sasa ana uso, ana namna ya kutafuna, labda ni mfupi kuliko ulivyokumbuka alipokuwa amekaa. Na mmekaa mnatazamana, meza katikati, mhudumu anasubiri mseme mnakula nini. Kimya ambacho Mikumi kilikuwa kitamu, hapo kitawachoma. Usimhukumu kwa hizo dakika ishirini, wala usijihukumu. Kama meza ina benchi, kaeni upande mmoja mkitazama barabara. Au mle haraka, mkatembee sokoni mkiulizana bei ya viazi. Mlijuana mkitazama kitu kingine pamoja, hamlazimiki kuanza kwa kutazamana.

Huku ukitembea, sikiliza. Akilirudisha lile la Kitonga yeye kwanza, hasa mbele ya mtu, au kulifanya mzaha, au kusema "mimi ninayejua mambo yako yote", shika mkoba wako. Anayeheshimu siri huisubiri iletwe na mwenyewe. Angalia pia kama mpango unateleza: mlisema mgahawa, sasa kuna "rafiki yangu ana sehemu tulivu hapo nyuma", mlisema saa tisa, sasa "kuna basi jingine zuri la usiku". Mara moja ni bahati mbaya, mara mbili panda bajaji urudi stendi.

Na kutokwenda? Hilo nalo ni jibu kamili, wala halihitaji sababu. Unasema utakuwa umeacha kitu. Huenda. Lakini jiulize unachokitaka ni yeye au ni ile saa mbili ya kusikilizwa. Maana kama ni kusikilizwa, mama yako bado yupo, bado anaamini alizaa binti tasa, na labda analilia usiku jambo ambalo halipo. Pengine Kitonga ilikuwa mazoezi ya kumwambia yeye. Pengine hapana, na ni huyu kaka mwenyewe aliyeiacha pakiti ya korosho wazi ndiye anayekuvuta. Mimi sikuwapo kwenye siti ya tatu. Unaweza hata kumwomba msogeze mwezi mmoja, hadi safari yako ijayo ya Kariakoo, ukaona kama anaandika bado kwa mwendo uleule au ameanza kusukuma.

Ile elfu saba usiitume kwa simu. Kama utakwenda Makambako, ibebe kwenye pochi, na mhudumu akija na bili, wahi wewe. Wali kuku wa pale sijui siku hizi ni bei gani, ongeza elfu mbili tatu. Halafu uniandikie kama alikuacha ulipe.

Shangazi